Pedi za kutupa, za kufua au kikombe: anza na choo chako

Fundi bomba anayefungua chemba iliyoziba hutoa vitu vya aina chache tu: matambara, nepi, mifuko na pedi. Pedi ndiyo inayozua maneno, kwa sababu kila mpangaji mwanamke anajua inaweza kuwa yake, na hakuna atakayesema. Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzii dukani. Unaanzia kwenye choo, pipa na kamba ya kuanikia, halafu unarudi kwenye bei. Ukishajua kitu kitaishia wapi baada ya kutumika, nusu ya uamuzi umekwisha.

Ninalinganisha vitu vitatu: pedi za kutupa, ambazo wenzetu wa Kenya wanaziita sodo, pedi za kitambaa za kufua, na kikombe cha hedhi, kile kinachoingizwa ukeni kukinga damu. Chupi za hedhi nitazigusa njiani, maana masharti yake ni yale yale ya pedi za kufua. Tamponi, zile pamba za kuingizwa ukeni, nimeziacha. Maduka ya mitaani kwetu hayana mazoea nazo, na choo hakizitaki pia.

Kila kimoja nimekipima kwa mambo manne: fedha ya mwaka mzima, maji na mahali pa kukaushia, siku yenyewe inavyokwenda mwilini, na kinachobaki baada ya matumizi. Na ili hesabu isiwe ya kubahatisha, chukua nyumba moja ya kupanga, tuseme ipo Manzese, Dar es Salaam. Ina vyumba sita, choo kimoja cha kuchuchumaa cha kumwagia maji kwa kopo, na shimo nyuma ya nyumba. Maji yananunuliwa kwa ndoo. Wanawake watatu humo ndani wanapata hedhi. Kila mmoja anakwenda siku tano na kutumia pedi nne kwa siku, yaani pedi 20 kwa mzunguko. Mwaka una mizunguko kama 13, kwa hiyo mtu mmoja anamaliza pedi 260. Bei nitakazotaja ni za mfano. Toa zangu uweke za dukani kwako, hesabu itabaki ile ile.

Pedi za kutupa

*Fedha.* Paketi ya pedi nane ikiwa shilingi 2,500, pedi 20 ni paketi mbili na nusu, yaani shilingi 6,250 kwa mzunguko na 81,250 kwa mwaka. Mwaka mzima ni fedha nyingi, lakini hakuna anayeilipa kwa mkupuo, na hapo ndipo pedi za kutupa zinapowashinda wenzake: leo unatoa 2,500 tu. Shida inakuja mwezi ambao hata hiyo 2,500 haipo, mtu akabaki na pedi moja kutoka asubuhi hadi usiku. Msipange bajeti kwa kutegemea kodi. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004. Tanzania iliiondoa 2018, ikairudisha 2019, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka.

*Maji na kukausha.* Karibu hakuna. Maji ya kunawa mikono na ya kujisafisha, basi. Kwa mtu wa safari, hosteli au kazi ya kutwa nje, hili peke yake linaweza kumaliza ubishi.

*Siku yenyewe.* Ni rahisi kuvaa na hakuna cha kujifunza. Ibadilishe kila baada ya saa nne hadi sita hata kama haijajaa, hasa kwenye joto la pwani, kwa sababu jasho na plastiki vikikaa pamoja muda mrefu huleta upele na michubuko mapajani. Anayewashwa kila mwezi ajaribu kwanza aina isiyo na manukato kabla ya kulaumu mwili wake.

*Kinachobaki.* Ukiipasua pedi moja utaona tabaka tatu. Juu kuna utando laini wa nyuzi za plastiki. Katikati kuna pamba ya karatasi iliyochanganywa na chembechembe nyeupe kama chumvi. Chini kuna plastiki ya kuzuia kuvuja, yenye gundi. Zile chembechembe ndizo zinazofanya kazi kubwa: zinanywa maji mara nyingi kuliko uzito wake na kugeuka kuwa ute mzito usioachia. Mwilini hiyo ni sifa. Kwenye bomba ni balaa, kwa sababu pedi inaendelea kunywa na kuvimba humo ndani. Karatasi ya chooni imetengenezwa ili iachane ikilowa; pedi imetengenezwa ili isiachane. Nyumba yetu ya mfano inatoa pedi 780 kwa mwaka, na zote lazima ziende mahali.

*Inamfaa nani.* Mwenye maji ya shida, asiye na pa kuanika kwa faragha, msafiri, mama aliyetoka kujifungua, na binti anayeanza ambaye bado hajaujua mzunguko wake. Lakini awe na pipa lenye mfuniko na mtu wa kulichukua.

Pedi za kufua

*Fedha.* Kosa la wengi ni kununua tatu au nne, kisha kulalamika kwamba hazitoshi. Fuata mzunguko wa kamba. Nne za siku ya kwanza unazifua jioni, zinakauka juani siku ya pili, unazivaa siku ya tatu. Siku ya pili unahitaji nyingine nne. Kwa hiyo nane ndiyo idadi ya chini kwa mtu wetu wa mfano, na wakati wa masika, nguo zinapokaa siku mbili bila kukauka, ni 12. Nane kwa shilingi 5,000 kila moja ni 40,000. Ongeza maji na sabuni: kila pedi ikichukua lita nne, pedi 20 ni ndoo nne za lita 20. Pamoja na sabuni, tuseme shilingi 1,250 kwa mzunguko. Ukilinganisha na 6,250 za pedi za kutupa, unaokoa 5,000 kila mwezi, na zile 40,000 zinarudi mwezi wa nane. Zikitunzwa hukaa mwaka na zaidi. Tatizo ni kuzipata 40,000 kwa pamoja. Wengi hununua mbilimbili huku wakiendelea na za kutupa, na njia hiyo ni sahihi kabisa.

*Maji na kukausha.* Hapa ndipo zinapofaulu au kushindwa. Loweka kwenye maji baridi, yasiwe ya moto, kwa sababu joto hugandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Kamua, fua kwa sabuni ya kawaida, suuza mpaka maji yawe meupe. Usitie dawa ya kulainisha nguo, maana huacha mafuta yanayozuia kitambaa kunywa, na usitie jiki, inakula nyuzi na ule utando wa plastiki wa chini. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama maeneo mengi ya Dar na Zanzibar, wanaijua adha yake: sabuni haitoi povu na kitambaa kinakuwa kigumu kama mkeka. Kwa hao, suuzo la mwisho lifanyike kwa maji ya mvua au ya bomba la mamlaka, hata kama ni lita moja.

Kuanika ni juani, wazi, si chini ya godoro wala nyuma ya mlango. Naelewa kwa nini watu huzificha. Lakini pedi ambayo haijakauka hadi ndani inanuka, inaota ukungu na kuwasha. Kuna pia inzi wa nchi za joto anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi. Nguo nyingine tunamuua kwa pasi. Pedi yenye utando wa plastiki haivumilii pasi ya moto, kwa hiyo kinga yako ni jua kali na kukauka kabisa kabla ya kuanua. Ukiona aibu, tandaza juu yake kitambaa chepesi kama mtandio, si kanga nzito. Jua linapita.

*Siku yenyewe.* Ni laini kuliko plastiki, na wengi wenye upele wa mapajani hupata nafuu. Inashika kwa kifungo chini ya chupi badala ya gundi, hivyo chupi iliyolegea itaifanya izunguke. Badilisha kwa saa zile zile, nne hadi sita. Ukiwa nje unahitaji kijimfuko kisichopitisha maji cha kubebea iliyotumika mpaka nyumbani. Kama hukipendi kipengele hicho, usijilazimishe. Chupi za hedhi ni hadithi hiyo hiyo, ila kubadilisha ukiwa kazini maana yake ni kuvua nguo zote za chini, na unene wake huchelewa zaidi kukauka.

*Kinachobaki.* Maji mekundu, ambayo humwagwa chooni bila tatizo lolote. Baada ya mwaka au zaidi, vipande nane vya kitambaa. Kuna utando wa plastiki ndani yake, kwa hiyo hata hivyo mwisho wake ni pipa, si choo.

*Inamfaa nani.* Mwenye maji ya uhakika na kamba anayoweza kuitumia bila kujibu maswali. Viwanda vyake havipo mbali: AFRIpads wanashona Masaka, Uganda, na mafundi cherehani wengi mitaani wanazishona wakionyeshwa moja.

Kikombe cha hedhi

*Fedha.* Kimoja kwa 40,000 kinarudisha fedha yake mwezi wa saba, na baada ya hapo kinaendelea kwa miaka. Watengenezaji wengi wanasema hadi 10. Kwa fedha tupu hakuna kinachokikaribia. Angalia tu kiwe cha silikoni ya kitabibu na mtengenezaji wake aandikwe kwenye boksi. Kile cha bei ya kutupa kinachonuka kama ndala mpya kiache hapo hapo.

*Maji na kukausha.* Kidogo, lakini yawe safi. Mwanzo na mwisho wa hedhi unakichemsha kwa dakika tano hadi 10 kwenye sufuria yake mwenyewe, kikielea bila kugusa kitako. Katikati ya siku unakimwaga, unakisuuza na kukirudisha. Choo cha nje hakina maji? Beba chupa ndogo. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kutoa na kabla ya kuingiza, na hapa hakuna njia ya mkato.

*Siku yenyewe.* Kinakunjwa, kinaingizwa ukeni, kinajifungua humo na kushika kwa mvuto. Kutoa ni kubana kitako chake kwanza ili hewa iingie, kisha kukishusha taratibu. Ukivuta kile kikia tu bila kubana, kinauma. Wengi huhitaji mizunguko miwili au mitatu kuzoea, na hili si la watu wazima tu: utafiti wa vikombe kwa wasichana wa shule za msingi huko Siaya, Kenya, nao ulionyesha kwamba kuzoea kunachukua muda. Tathmini kubwa ya tafiti iliyochapishwa mwaka 2019 iliona kwamba kikombe hakivuji zaidi ya pedi au tamponi. Mara nyingine kinavuja hata kidogo kuliko hivyo.

Kikombe kina faida ambayo watu hawaitaji. Ni yenyewe pekee kati ya hizi tatu inayokuonyesha kiasi. Hedhi nzima ya kawaida ni mililita 30 hadi 80 hivi, yaani vijiko vya chai sita hadi 16, ingawa kwenye pedi huonekana kama lita. Kikombe chenye mistari kikikuonyesha kwamba unapita 80 mwezi baada ya mwezi, una jambo la maana la kumwambia daktari, na pengine chanzo cha ile anemia isiyoisha.

Mipaka yake nayo isemwe. Usipitishe saa 12, na ukiweza kutoa mapema ni vizuri zaidi. Ugonjwa wa sumu ya bakteria uliohusishwa na tamponi tangu 1980 umeripotiwa kwa watumiaji wachache sana wa vikombe: homa kali ya ghafla, kutapika, kizunguzungu, ngozi kuwa nyekundu kama iliyoungua jua. Ukiona hayo, toa kikombe na uende hospitali wakati huo huo. Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango aongee na mtoa huduma kwanza, kwa sababu mvuto unaweza kukivuta kitanzi nje. Aliyetoka kujifungua asubiri ruhusa ya kliniki. Aliyekeketwa na kushonwa huenda kisimfae kabisa. Na kwa kuwa kinaingia ndani, familia zenye msimamo kuhusu ubikira zitalizungumza. Mama asikinunue kwa ajili ya binti kimyakimya, wala asimlazimishe.

*Kinachobaki.* Vijiko viwili vitatu vya damu, moja kwa moja chooni. Kwa choo na shimo lako hakuna kitu chepesi kuliko hiki.

*Inamfaa nani.* Mwenye uwezo wa kunawa kwa sabuni kila mara, aliye tayari kujigusa, na anayekaa muda mrefu kazini, shambani au barabarani.

Pedi iliyotumika iende wapi

Rudi Manzese. Choo cha kumwagia maji kina kizingio cha maji chini ya sinki, kile kikunjo kinachozuia harufu, na njia yake ina upana wa sentimita saba hivi. Kopo la maji linapita, kinyesi kinapita. Pedi inaweza kupita pia leo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: imepita, basi imekwisha. Haijaisha. Ama imenasa mbele kidogo kwenye bomba, ikisubiri ya pili na ya tatu ziishikilie, ama imefika shimoni, ambako plastiki haiozi.

Shimo la mjini ni lazima linyonywe siku moja. Sehemu kubwa ya Dar haijaunganishwa na bomba la majitaka, hivyo ni gari la kunyonya, au pampu ya mkono ya Gulper pale gari lisipopenya, au vyura, yaani watu wanaoshuka wenyewe shimoni na ndoo. Vyote vitatu vinakwamishwa na taka ngumu. Mpira wa kunyonyea wa gari unaziba na dereva anaondoka akiacha nusu. Wenye pampu ya mkono huanza kwa kuvua takataka kwa kulabu ndefu, moja moja, na muda huo mnaulipia. Kwa miaka mitano nyumba yetu ikitupa pedi zake zote humo, ni vipande 3,900. Shimo likijaa kabla ya wakati na gari halinyonyi, kinachofuata tunakijua sote: mvua kubwa ikinyesha, mwenye nyumba anatapisha choo kwenye mfereji wa mtaa.

Kijijini ambako shimo likijaa hufukiwa na kuchimbwa jipya, hasara ni ndogo: shimo linawahi kujaa, basi. Sitajifanya kwamba ni sawa na mjini. Lakini huko pia choo cha shule kinachotumiwa na mamia kinahesabika kama cha mjini.

Njia inayofanya kazi katika nyumba ya watu wengi ni hii. Ndani ya choo, si nje, kuwe na ndoo ndogo yenye mfuniko, ndani yake umetandika gazeti au mfuko wa karatasi. Kando yake vipande vya gazeti vimetundikwa kwenye msumari. Pedi inakunjwa upande wa damu ukiwa ndani, inafungwa na kile kikaratasi cha pedi mpya kwa kutumia gundi yake, kisha inaviringishwa gazeti. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, gazeti ndilo limebaki kuwa rafiki, nalo linanyonya harufu vizuri. Ndoo inamwagwa kwenye taka za nyumba kila siku moja au mbili, kwa zamu. Ikikaa wiki, itanuka, nzi watajaa, na ndani ya siku hizo hizo mtu atarudi kutupa chooni.

Ndoo ikikaa nje ya mlango wa choo haitatumika. Hakuna mwanamke atakayetoka na pedi mkononi apite mbele ya wapangaji wanaume na watoto. Nyumba nyingi zina ndoo na bado zinaziba, sababu ni hiyo tu.

Usiioshe pedi ya kutupa kabla ya kuitupa. Najua wengi tumefundishwa hivyo nyumbani, kwa heshima au kwa kuogopa damu kuangukia mikono mibaya. Ukiiosha inanywa maji zaidi, inapasuka, na ute wake unaingia kwenye bomba la bafuni. Aliye na hofu hiyo aikunje vizuri zaidi na aiviringishe magazeti mawili.

Kuchoma ni chaguo la pale ambapo gari la taka halifiki. Pedi mbichi haiungui; inafuka moshi mweusi na kuacha kitumba cheusi cha plastiki. Kama lazima, iache ikauke ndani ya gazeti lake, ichomwe ndani ya pipa la chuma lililotobolewa chini ili hewa iingie, juu ya moto wa kuni uliokwisha kushika, mbali na jiko na upande ambao upepo hauelekei nyumbani. Moto wa uani hauwezi kufikia joto la kichomea taka halisi, ambacho huhitaji kuzidi nyuzi 800, kwa hiyo moshi utakuwepo. Kufukia kunafaa kwa dharura tu: nusu mita kwenda chini, mbali na kisima, na juu uweke jiwe, maana mbwa watafukua.

Choo kikishaziba

Dalili ya kwanza ni maji kupanda kisha kushuka polepole, yakilia gububu kwenye tundu la bafuni. Hapo acha kumwaga. Kila ndoo unayoongeza inaisukuma pedi mbele na kuivimbisha.

Usimwage magadi ya kuzibulia wala asidi. Dawa hizo hula mafuta na nywele. Plastiki na ute wa pedi hazivigusi, na fundi atakayeingiza mkono baadaye ataunguzwa na ulichomwaga. Vaa glovu, chukua waya mnene uliokunjwa ncha kama ndoana, jaribu kuivuta kutoka kwenye kizingio. Lengo ni kuivuta irudi, si kuisukuma.

Ikishindikana, fungua chemba iliyo karibu na choo. Ikiwa imejaa, kilichoziba kiko mbele yake, kuelekea shimoni au barabarani. Ikiwa tupu huku choo kimegoma, kilichoziba kiko kati ya choo na chemba, mara nyingi kwenye kile kikunjo. Kumwambia fundi hilo kwa simu kunaokoa muda, na pia kunamnyima nafasi ya kupasua sakafu mahali pasipohusika. Na akitoa pedi, msianze kutafutana uchawi. Wekeni ndoo ndani.

Kwa hali yako

Unapanga nyumba yenye choo kimoja na maji ya ndoo: kikombe kitakuokoa zaidi kama uko tayari nacho. Kama hauko tayari, endelea na pedi za kutupa pamoja na ndoo ya ndani ya choo. Za kufua zitakusumbua mpaka upate pa kuanika.

Una bomba uani na kamba yako, na fedha inakuja kidogo kidogo: nunua pedi za kufua mbilimbili, ukivaa za kufua usiku na siku za nyumbani, za kutupa ukitoka.

Binti yako yuko bweni: uliza kwanza mambo mawili, maji ya kufulia yanapatikana siku zote, na kuna kichomea taka au pipa kwenye vyoo vya wasichana? Jibu la kwanza likiwa ndiyo, mfungashie za kufua nane na kijimfuko. Likiwa hapana, za kutupa za muhula mzima, yaani paketi 10 hadi 12 kwa miezi minne, na magazeti.

Unaishi ghorofani na bomba moja linashuka kutoka kwa majirani wote: chochote utakachovaa, kisiingie chooni. Unachotupa ghorofa ya nne hufurikia kwa mtu wa chini.

Unatoka damu nyingi: anza na kikombe chenye mistari, pamoja na pedi ya akiba, kwa mizunguko miwili mitatu. Andika kiasi kila unapomwaga, ukaende nacho kliniki.

Una mashaka tu na hujui uanzie wapi: nunua pedi mbili za kufua, uzivae usiku wa mzunguko ujao. Kama asubuhi ya tatu zitakuwa zimekauka kwenye kamba yako, nyumba yako inazimudu. Zikiwa bado mbichi, usiongeze nyingine.